Wasifu si Tangazo la Kazi

Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na chuo au ofisi ya halmashauri, uombe kutengenezewa wasifu wa kuombea kazi. Kijana wa kwenye kompyuta atakuuliza ulikuwa na cheo gani, kisha atafungua faili la mtu mwingine aliyewahi kushika cheo hichohicho, abadilishe jina na tarehe, na chini ya kichwa cha uzoefu wa kazi ataacha majukumu kama yalivyokuwa. Majukumu hayo hakuyatunga yeye. Yalinakiliwa kwenye tangazo la kazi au barua ya ajira, na yanasomeka hivi: kusimamia hiki, kuhakikisha kile, kushirikiana na wale, hadi mstari wa mwisho kabisa usemao kufanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake wa kazi.

Usimlaumu kijana huyo. Anafanya kile ambacho wengi wetu tunaamini. Wapo maofisa wenye heshima zao, na walimu wa semina za ajira, wanaosema kwamba wasifu mzuri ni ule usioacha kitu: kila jukumu liandikwe kwa ukamilifu, kwa lugha ya kiofisi, kwa aya nene inayomwonyesha mwombaji kuwa mtu wa uzoefu. Ukiwaambia kwamba nukta chache, kila moja ikianza na kitenzi, zote kwa umbo moja, na hakuna inayozidi mistari mitatu, zinamweleza mtu vizuri zaidi, wanakujibu kwamba huo ni ufupisho wa wavivu, mtindo wa kuiga, na kwamba kazi ya miaka sita haiwezi kuingia kwenye mistari mitatu. Nadhani wamekosea, na kosa lao linawagharimu watu ambao kweli walifanya kazi.

Tumchukue mtunza stoo ya dawa katika hospitali ya wilaya. Ni mfano ninaoutunga, lakini maneno yake yeyote aliyepitia maombi ya kazi atayatambua. Kwenye wasifu wake kuna nukta moja tu ya kazi hiyo, nayo inasema:

• Kusimamia shughuli zote za stoo ya dawa ikiwa ni pamoja na kupokea, kuhifadhi, kutoa na kuhakiki dawa na vifaa tiba, kuhakikisha kwamba dawa zinahifadhiwa katika mazingira yanayofaa kwa kuzingatia taratibu na miongozo iliyopo, kushirikiana na idara nyingine katika kuhakikisha upatikanaji wa dawa, na kufanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake wa kazi.

Soma tena mwisho wake. Mwombaji anaandika habari zake mwenyewe, za miaka iliyopita, lakini kitenzi kinasema atakayopangiwa. Kinamtaja mtu mwingine, na wakati ujao. Sentensi hiyo aliiandika mwajiri kabla hajajua nani ataajiriwa, na hapo kwa mwajiri ilikuwa sahihi kabisa. Tangazo la kazi linataja kazi ambayo hakuna aliyeifanya bado, ndiyo maana vitenzi vyake huanza na ku-: kupokea, kutunza, kuandaa. Umbo hilo halina mtendaji wala wakati. Likihamia kwenye wasifu, linakwenda na utupu wake. Msomaji anaambiwa kwamba kupokea dawa ni jambo lililokuwapo kazini. Haambiwi kama huyu alizipokea.

Ushauri wa kuanza na kitenzi ulipofika kwetu, wengi waliusikia nusu. Walichukua kitenzi chochote, wakakiwekea ku-, wakaona kanuni imetimia. Lakini Kiswahili kina nafasi nzuri zaidi ya hapo, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba mtendaji na wakati ndani ya neno moja. Nilipokea: mimi, zamani, tendo limekwisha. Ninapokea: mimi, sasa, kazi inaendelea. Tulipokea: sikuwa peke yangu. Neno la kwanza tu la nukta linaweza kujibu maswali matatu ambayo msaili angeyauliza, na mwandishi anayeandika kupokea ameyakimbia yote matatu.

Hapo ndipo wanapoleta hoja ya adabu. Wanasema nili-, nili-, nili- ukurasa mzima ni kujisifu, na kwamba kwetu mtu anayesema mimi, mimi hapendezi. Hoja hii naiheshimu, maana malezi hayo ni ya kweli. Lakini anayejisifu ni yule anayejipa sifa: mchapakazi hodari, mbunifu, mwenye uwezo mkubwa wa kuongoza. Wasifu za kwetu zimejaa maneno hayo, tena juu kabisa ya ukurasa, na hakuna anayeona aibu. Anayesema nilihesabu dawa kila mwisho wa mwezi hajajipa sifa yoyote. Ametoa taarifa inayoweza kuhakikiwa, kwa sababu kadi za stoo zipo na saini yake ipo. Na kama kazi ilifanywa na watu wanne, lugha inampa tuli-, aseme ukweli bila kujikweza wala kujificha. Kinachomficha mtu ni lile umbo jingine linalopendwa na ofisi: mafunzo yalitolewa, mizigo ilipokelewa, hesabu ilifanyika. Hapo kazi zote zimefanyika, na ukurasa mzima hauna mtu.

Sasa tumwulize mtunza stoo wetu alifanya nini hasa. Tuanze na neno lake analolipenda, kuhakikisha. Kuhakikisha, kushiriki, kushirikiana, kusaidia na kuhusika ni vitenzi kwa sarufi tu. Haviambii macho kitu chochote. Dawa yake ni swali moja: ulifanya nini ili kuhakikisha? Jibu litakalotoka ndilo kitenzi kilichokuwa kinatafutwa. Alihakikisha dawa haziishi muda wake zikiwa rafuni? Kwa kufanya nini? Atasema: nilizipanga upya, zinazokaribia kuisha muda nikaziweka mbele ili zitoke kwanza. Basi kitenzi ni nilipanga. Alihakikisha kumbukumbu ziko sawa? Kwa kufanya nini? Nilihesabu kila mwezi, maana kabla yangu hesabu ilikuwa moja tu kwa mwaka, mwezi wa sita mwaka wa fedha unapofungwa, na ikifika siku hiyo kadi inasema hiki na rafu inasema kile. Kitenzi ni nilihesabu. Alishirikiana na idara nyingine? Vipi? Wauguzi wa wodi walikuwa wanaleta fomu za kuombea dawa zisizo na idadi iliyobaki wodini, nikawa nazirudisha, mwishowe nikawafundisha kuzijaza. Niliwafundisha.

Baada ya mazungumzo hayo, aya ile moja inakuwa hivi:

• Nilipokea na kukagua mizigo kutoka Bohari ya Dawa, nikilinganisha hati ya mzigo na kilichomo kwenye maboksi kabla ya kusaini.

• Nilipanga upya rafu ili dawa zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, na maboksi ya kuteketezwa yakapungua kutoka 40 hadi 9 ndani ya mwaka mmoja.

• Nilihesabu dawa zote kila mwisho wa mwezi badala ya mara moja kwa mwaka, na kusahihisha kadi za stoo zilizopishana na rafu.

• Niliwafundisha wauguzi wa wodi tatu kujaza fomu ya kuombea dawa pamoja na idadi iliyobaki wodini.

Anayesema huu ni ufupisho alinganishe. Aya ya kwanza ina maneno mengi kwa nukta moja, lakini haikutuambia kwamba hesabu ilikuwa inafanywa mara moja kwa mwaka, wala kwamba kadi na rafu zilikuwa zinapishana, wala kwamba huyu mtu hasaini mzigo ambao hajaufungua. Habari zimeongezeka. Kilichoondoka ni ikiwa ni pamoja na, katika kuhakikisha, na kwa kuzingatia taratibu na miongozo iliyopo. Kipande hicho cha mwisho nakipinga kwa nguvu zaidi kuliko vingine. Kila mtumishi anatakiwa kuzingatia miongozo, kwa hiyo kukitaja hakumtofautishi na yeyote. Kama upo mwongozo mahususi alioufuata na unaleta tofauti, autaje kwa jina lake.

Takwimu za 40 na 9 nimeziweka kuonyesha umbo. Kwenye wasifu halisi zitoke kwenye leja, kwenye kadi, au kwenye ripoti ya hesabu ya mali, na mwombaji awe tayari kueleza alivyozipata. Kama hana takwimu, asibuni. Nukta ya kwanza na ya nne hazina kipimo cha mafanikio, na bado zinasimama, kwa sababu kila moja inaonyesha tendo ambalo mtu anaweza kuliona akilini. Wako washauri wanaosema kila nukta lazima iwe na asilimia, na matokeo yake ni watu kuandika kwamba waliongeza ufanisi kwa asilimia 60 bila kujua ufanisi huo ulipimwaje. Msaili akiuliza swali moja, uzoefu wote wa mtu huyo unatiliwa shaka, hata ule wa kweli.

Tuje kwenye mistari mitatu, maana hapo ndipo kelele ilipo kubwa. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za kawaida za sentimita 2.5 kila upande, kwa Times New Roman saizi 12, mstari wa nukta unabeba maneno ya Kiswahili kati ya 11 na 13. Mistari mitatu ni maneno kama 35. Hicho si kipimo cha ubahili. Nukta tatu kati ya zile nne hapo juu zimetosha kwenye mistari miwili, na ya pili, yenye maelezo mengi kuliko zote, haizidi hapo kwa zaidi ya neno moja au mawili. Nukta ikifika mstari wa nne, karibu kila mara utakuta mambo mawili yamefungwa pamoja. Kosa la kawaida ni kuunganisha matendo matatu au manne kwa na, na, na, hadi msomaji hajui lipi lilikuwa kazi na lipi lilikuwa nyongeza. Kitenzi cha kwanza kinaweza kufuatwa na kimoja zaidi, nilipokea na kukagua, kwa sababu ni tendo moja lenye hatua mbili. Cha tatu kikitaka kuingia, kipewe nukta yake.

Na nawasihi wanaotengeneza wasifu za watu kwa malipo: msiitimize kanuni hii kwa kupunguza saizi ya herufi hadi 9 na kuzisukuma pambizo hadi ukingoni. Mistari itakuwa mitatu na maneno yatakuwa 60. Msomaji mwenye rundo la maombi mezani haoni mistari, anaona ukuta wa wino, na anauruka.

Kwa nini mwanzo wa nukta una uzito kuliko mwisho wake? Kwa sababu mtu anayepitia karatasi nyingi hasomi kila mstari hadi mwisho. Macho yake yanashuka kwenye ukingo wa kushoto, yakidokoa maneno mawili matatu ya mwanzo, na yanaingia ndani pale tu yanapokuta kitu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alieleza tabia hiyo kwa watu waliokuwa wakisoma kurasa za kompyuta: kadiri walivyoshuka, ndivyo walivyosoma kipande kidogo zaidi cha mstari, kutoka kushoto. Karatasi ya wasifu ina hatari hiyohiyo. Jipime hivi. Chukua wasifu wako, funika upande wa kulia kwa karatasi nyeupe, uache neno la kwanza tu la kila nukta, kisha usome kushuka chini. Mtunza stoo wetu wa mwanzo angebaki na neno moja, kusimamia, ambalo ni la meneja wa benki, la mwalimu mkuu na la mlinzi wa zamu. Wa pili anabaki na nilipokea, nilipanga, nilihesabu, niliwafundisha. Umeshaiona kazi kabla hujafunua karatasi.

Kipimo hicho hukamata pia ukosefu wa ulinganifu. Ukishuka ukakuta nilipokea, nilihesabu, halafu mafunzo kwa wauguzi, halafu mwaminifu, halafu kutunza kumbukumbu, ujue orodha imechanganya matendo, mambo, sifa na majukumu. Wanaopinga ulinganifu wanauona kama urembo wa walimu wa lugha. Mimi nauona kama kipimo cha ukweli. Nukta inayokataa kuvaa umbo la wenzake mara nyingi inakataa kwa sababu haina tendo ndani yake. Jaribu kuifanya mwaminifu ianze na nili-. Utalazimika kutaja siku uliyokabidhiwa fedha taslimu au funguo na ukazirudisha na hesabu kamili, na kama siku hiyo haipo, neno lile halikustahili kuwapo kwenye orodha ya kazi. Hata wakati wa kitenzi una kazi yake: kazi ya sasa yote iwe nina-, kazi zilizopita zote ziwe nili-. Msomaji anajua mtu yuko wapi leo bila kutafuta tarehe.

Nimeacha hoja yao nzito kuliko zote hadi hapa kwa sababu inastahili kujibiwa kwa uzito. Wanaojua habari za uandishi huleta mkasa wa chombo cha angani Columbia. Kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu linalofunika tangi la mafuta kilibanduka na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliwaandalia wakuu wa NASA slaidi za nukta kuhusu madhara ya pigo hilo. Wakuu walitulia. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, aliichambua slaidi moja kati ya hizo, na bodi iliyochunguza ajali ikauchukua uchambuzi wake kwenye ripoti ya Agosti mwaka huohuo. Basi, wanasema, nukta fupi zinaua maana.

Itazameni slaidi yenyewe. Kichwa chake kilituliza: data za majaribio zinaonyesha kwamba makadirio yako upande wa usalama. Chini yake kulikuwa na nukta ndani ya nukta, ngazi juu ya ngazi, nyingine zikianza na jina la kitu, nyingine na kitenzi kisichosema kinamhusu nani. Data zilipitiwa, bila kusemwa nani alizipitia na akakuta nini. Neno la kuonyesha ukubwa wa jambo lilirudiwa mara tano bila kipimo. Na kule chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho na kwa herufi ndogo, ndiko kulikokuwa na habari iliyopaswa kuwashtua: povu lililogonga lilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1920, ilhali lililokuwa limejaribiwa lilikuwa 3. Mara 640. Hiyo si orodha fupi, si ya ulinganifu, wala haianzi na tendo. Ni aya ya ofisi iliyokatwakatwa na kuwekewa alama mbele, mtendaji ameondolewa na habari kuu imezikwa. Ni ndugu wa damu wa ile aya ya mtunza stoo.

Hata hivyo mkasa huo unaweka mpaka ambao naukubali kwa moyo wote. Hoja yenye kwa sababu, isipokuwa na kwa hiyo haifai kukatwa nukta, kwa kuwa viungo vyake ndivyo maana yake. Kwa nini ulikaa miaka miwili bila kazi, kwa nini unahama kutoka stoo ya hospitali kwenda ghala la mazao, kwa nini mzigo fulani ulipotea na ukahusika kuutafuta: hayo yaende kwenye barua ya maombi, kwa aya kamili. Vivyo hivyo maelekezo yenye sharti hayawezi kuanza na kitenzi cha kutenda. Sharti litangulie: iwapo friji ya chanjo imezima, usiifungue. Ukianza na kitenzi, mtu anaweza kuwa ameshatenda kabla hajafika kwenye sharti. Wasifu hauna tatizo hilo. Kila kilichomo kimeshatendeka au kinaendelea kutendeka.

Wanabaki na neno moja: wanaochuja maombi wanalinganisha wasifu na tangazo, kwa hiyo usipoyanakili majukumu utaachwa. Kulinganisha ni kweli, na maneno ya tangazo yatumike. Tangazo likisema kutunza kumbukumbu za mali, mwombaji aandike nilitunza kumbukumbu za mali, kisha amalizie nukta kwa kile alichokitunza: leja ipi, kwa utaratibu gani, hesabu ililingana na rafu au haikulingana. Anayechuja atalikuta neno analolitafuta, na atakuta mtu nyuma yake. Waliomaliza hapo kwenye kutunza kumbukumbu za mali watakuwa wamempa karatasi ambayo sentensi zake anazijua kwa moyo, maana ni za ofisi yake mwenyewe, na hatakuwa na lolote la kuwatofautisha nalo isipokuwa majina na umri.